Sweta lililopinda chini na kunyooka juu

Sweta lilikuwa la mtoto wa dada yangu, ana miaka 5, anaanza shule Januari. Asubuhi hapa Kirumba, Mwanza, upepo wa ziwani hupita katikati ya mawe na kuingia hadi vyumbani, na mtoto anayetoka nyumbani saa kumi na mbili kasoro anahitaji kitu cha kifuani. Nikanunua uzi wa akriliki wa bluu iliyokolea, sindano ya mduara ya milimita 4, nikaamua kwamba safari hii sitashona ubavuni. Nitafuma mwili mzima kwa kuzunguka kama mfuko usio na kitako, nianzie pindoni, nipande hadi kwapani. Nikifika kwapani nitagawa mbele na nyuma, na kila kipande nitakifuma kwa kwenda na kurudi kama nilivyozoea.

Nilifuma jioni, mara nyingi taa ikiwa hafifu. Bluu iliyokolea haionyeshi vitanzi usiku. Kwa hiyo sikuona kitu mpaka mtoto alipolivaa.

Mstari wa ubavuni, ambao niliuwekea alama ya uzi mweupe tangu pindoni, ulianza pale ulipotakiwa kuwa, kisha ukawa unahama. Ulipofika usawa wa kwapa ulikuwa umekwenda upande karibu sentimita 3. Mwili wote wa chini ulikuwa umelala, kama nguo iliyokamuliwa na kusahaulika hivyo hivyo. Halafu kuanzia kwapani kwenda juu, pale nilipogawa mbele na nyuma, safu za vitanzi zilisimama wima kabisa.

Nililiweka mezani nikalipima. Nilikuwa nimeanzisha vitanzi 120, nikitegemea vitanzi 20 kwa kila sentimita 10, yaani mzingo wa sentimita 60. Sehemu ya juu ilinipa vitanzi 20 sawasawa. Sehemu ya chini ilinipa 22, na mzingo wake ulikuwa sentimita 54 na nusu. Uzi ni uleule, sindano ni ileile, mikono ni ileile. Sweta moja lilikuwa na vitambaa viwili tofauti, cha chini kimebana na kimepinda, cha juu kimetulia na kimenyooka.

Jambo hilo ndilo lililonisaidia baadaye, kwa sababu lilifuta mashaka mengi kwa mkupuo. Mtu akiona kitambaa kimelala upande, kitu cha kwanza anacholaumu ni uzi. Na ni kweli uzi unaweza kuwa ndio chanzo. Uzi uliosokotwa kupita kiasi hubaki na nguvu ndani yake, unataka kujifungua, na kila kitanzi kinasukumwa kidogo upande mmoja. Wavuvi wanaijua tabia hiyo kwenye kamba mpya, ukiilegeza inajikunja yenyewe na kufanya mafundo. Kipimo chake ni chepesi: kata uzi wa mita moja, shika ncha zote mbili pamoja, uache uning'inie. Ukijisokota wenyewe mizunguko mingi, una msokoto wa ziada. Wangu ulining'inia umetulia. Isitoshe, uzi wenye tabia hiyo hupinda kila mahali, hata ukifuma kwa kwenda na kurudi, kipande cha mraba kinageuka kuwa kama tofali lililosukumwa. Sweta langu juu lilikuwa limenyooka, kwa hiyo uzi hauhusiki.

Nikalilowesha, nikalivuta likae sawa, nikalibana kwa pini juu ya godoro hadi likauke. Lilikaa sawa mpaka mtoto alipolivaa mara ya pili. Akriliki haishiki umbo kwa maji kama sufu ya kondoo inavyoshika, lakini hata lingekuwa sufu lisingedumu. Kilichopinda kilikuwa ndani ya vitanzi vyenyewe, na maji hayafiki huko.

Jumamosi nikalibeba kwenda Sengerema kwa shangazi yangu, ndiye aliyenifundisha. Zamani safari hiyo ilikuwa na kusubiri kivuko Kigongo, na hapo penye foleni ndipo nilipomwona akifuma kwa mara ya kwanza. Alitumia spoki mbili za baiskeli zilizonolewa kwenye jiwe, uzi ukitoka kwenye mfuko wa rambo miguuni pake. Sasa kuna daraja la kilomita 3 kutoka Kigongo hadi Busisi, lililofunguliwa mwaka 2025, na unavuka kabla hujakaa vizuri kwenye kiti.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Nimesikia umeharibu sweta."

Alilipokea, akaligeuza nje ndani, akavuta kitambaa cha chini kwa vidole gumba, akanyamaza. Kisha akaniambia nifume mbele yake. Nikachukua sindano ya mduara na uzi uliobaki, nikafuma mizunguko mitatu midogo. Aliangalia mikono, hakuangalia kitambaa.

"Mbona hugeuzi?"

"Hii haigeuzwi, Shangazi. Unazunguka tu, upande laini unakutazama muda wote."

"Basi nundu, vile vitanzi vya kurudi, anafuma nani?"

"Hakuna nundu."

"Sasa ukiingia nyuma unafuata nini?"

Sikuwa na jibu, na yeye pia alikaa kimya kidogo. Maisha yake yote amefuma kwa kwenda na kurudi na kushona ubavuni, na hajawahi kuona sweta lake limelala. Lakini swali lake lilikuwa limegusa mahali penyewe. Tulikaa barazani hadi jua la mchana likapita, tukivuta kitanzi kimoja kimoja, na niliporudi Mwanza nilikuwa nimeelewa.

Ili kueleza vizuri inabidi nianze na kitanzi chenyewe kinavyokaa juu ya sindano. Kichukulie kama kanga iliyoanikwa kwenye kamba. Nusu yake inaning'inia upande wako, nusu nyingine upande wa pili wa kamba. Kitanzi nacho kina mguu mmoja mbele ya sindano na mguu mmoja nyuma. Ila miguu hiyo haikai usawa mmoja. Ukitazama kwa karibu, mmoja umesogea zaidi kuelekea ncha ya sindano kuliko mwenzake. Huo ulio karibu na ncha ndio tuuite mguu unaotangulia. Wakati mwingine unaotangulia ni wa mbele, wakati mwingine ni wa nyuma, na inategemea uzi ulizungushwa vipi kitanzi hicho kilipozaliwa.

Kanuni ni moja tu. Ukiingiza sindano kwenye mguu unaotangulia, kitanzi kinafunguka na miguu yake inakaa bega kwa bega. Ukiingiza kwenye mguu unaofuata, kitanzi kinajizungusha, na miguu yake inapishana chini. Shangazi alikipatia jina papo hapo: kitanzi kilichokunja nne.

Kitanzi laini wengi wetu tunakizalisha kwa namna moja, uzi unazunguka sindano kwa njia ya kawaida na kitanzi kinakaa mguu wa mbele ukitangulia. Tofauti iko kwenye nundu, yaani kile kitanzi tunachofuma tukiwa tunarudi, upande wa ndani ukitutazama. Kuna wanaopitisha uzi juu ya sindano kisha kuushusha. Kitanzi chao cha nundu nacho kinakaa mguu wa mbele ukitangulia. Na kuna sisi tuliofundishwa kuuzoa uzi, ncha ya sindano inaupitia kwa juu na kuuvuta chini ya kitanzi. Kuzoa ni kwepesi, uzi unasafiri njia fupi, na nundu haziwi legevu kuliko laini. Lakini kitanzi kilichozolewa kinakaa kinyume, mguu wa nyuma ndio unatangulia.

Shangazi hakunieleza hayo aliponifundisha, na wala yeye hakuelezwa. Alichofundishwa ni sentensi mbili. Ukirudi, zoa uzi. Ukienda, ingia nyuma. Sentensi ya pili inaisahihisha ya kwanza. Kitanzi kilichozolewa kina mguu wa nyuma unaotangulia, basi unaingia nyuma, unaukuta unaotangulia, kitanzi kinafunguka. Kitambaa kinatoka safi, kila kitanzi kiko wazi. Duniani wafumaji wanaiita njia ya mchanganyiko, kwa sababu laini inazungushwa kwa njia ya Magharibi na nundu kwa njia ya Mashariki. Nasisitiza kwamba si kosa, kwa kuwa nimesikia watu wakiwafokea wanafunzi wanaofuma hivyo. Ni njia kamili, ilimradi sentensi zote mbili ziende pamoja.

Mimi nilipochukua sindano ya mduara nilizitenganisha. Katika kuzunguka hakuna kurudi, kwa hiyo hakuna nundu, kwa hiyo hakuna uzi uliozolewa. Kila kitanzi ninachokikuta ni laini nilichokizalisha mzunguko uliopita, mguu wa mbele ukitangulia. Lakini mkono wangu una miaka mingi ya kuingia nyuma. Ukaendelea kuingia nyuma, ukakuta mguu unaofuata, na kitanzi kikakunja nne. Na cha pili, na cha tatu, vitanzi 120 kwa kila mzunguko, mizunguko yote.

Kwa nini kukunja nne kunalaza kitambaa? Kitanzi kilicho wazi kina pande mbili zinazolingana, herufi V iliyosimama. Mguu wa kushoto ukivuta, wa kulia unavuta sawa. Kitanzi kilichokunja nne hakina ulinganifu huo. Mguu mmoja umepita juu ya mwenzake, na kila mara ni uleule, kwa sababu unaingia kutoka upande uleule. Kinaegemea kidogo sana, jicho halioni. Kitanzi cha mzunguko unaofuata kinakaa juu ya kilichoegemea, nacho kinaegemea upande uohuo. Hakuna mstari wa kurudi utakaoegemea upande wa pili na kurudisha usawa, kwa sababu hugeuzi kazi. Egemeo dogo likirundikana kwa sentimita 20 za kwenda juu likawa zile sentimita 3 nilizozipima ubavuni.

Kubana nako kunatoka hapo hapo. Miguu iliyopishana inavutana kuelekea katikati, kitanzi kinakuwa chembamba, na uzi uliobaki wa kunyumbulika ni mchache. Ndiyo maana chini nilipata vitanzi 22 mahali pa 20. Kitambaa hicho pia ni kigumu mkononi. Wafumaji wengine wanakitaka makusudi kwa soksi au kwa michoro ya mistari inayojitokeza, lakini wanajua wanachofanya.

Ukitaka kukagua kitambaa chako usikitazame kikiwa kimelala. Kivute kwa upana kwa vidole gumba, upande laini ukikutazama, penye mwanga wa mchana, na angalia chini kabisa ya V moja. Ikiwa miguu miwili inatoka sehemu mbili zilizoachana, kitanzi kiko wazi. Ikiwa inakutana na kupishana, V ikaonekana kama herufi Y yenye shina fupi lililosokotwa, kimekunja nne. Tazama mistari mitatu au minne mfululizo, usitosheke na mmoja.

Mistari kadhaa ni muhimu kwa sababu kuna tatizo lingine linalofanana na langu. Jirani yangu wa Nyamanoro alijifunza kwa kutazama, hana mwalimu. Nundu anapitisha uzi juu, njia ya kawaida, lakini laini anaingia nyuma kwa sababu ndivyo alivyoona mtu akifanya. Kwake sentensi ya pili ipo bila ya kwanza. Akifuma kwa kwenda na kurudi, mstari mmoja unakunja nne na unaofuata uko wazi, ukipishana hivyo hadi mwisho. Kitambaa chake siku zote kimekuwa na mistari hafifu ya kulala ambayo hakujua inatoka wapi. Akihamia kwenye kuzunguka, mistari iliyo wazi inatoweka yote na tatizo linazidi maradufu. Mimi wa mchanganyiko sina dalili yoyote hadi siku ninapohamia. Yeye dalili anazo tangu mwanzo, na dawa yake ni nyepesi kuliko yangu: aingie mbele daima, aende na kurudi au azunguke.

Dawa yangu inataka kichwa kiwe macho kwenye makutano. Ndani ya kuzunguka kwenyewe ni rahisi, naingia mguu wa mbele kila kitanzi. Ugumu uko kwenye mzunguko ule mmoja unaounganisha namna mbili za kufuma.

Tuseme umeanza kwa kwenda na kurudi, labda pindo lenye mpasuo ubavuni, kisha unaunganisha duara. Mstari wako wa mwisho kabla ya kuunganisha ulikuwa wa nundu, uzi umezolewa. Vitanzi vyote vilivyo kwenye sindano vinatangulia kwa mguu wa nyuma. Kwa hiyo mzunguko wa kwanza ingia nyuma, kama mazoea. Ukifika kitanzi cha mwanzo na kuanza mzunguko wa pili, vitanzi unavyovikuta sasa ni laini, vinatangulia kwa mguu wa mbele. Hapo badilisha, ingia mbele, na usirudi nyuma tena. Mtu aliyeambiwa tu "kwenye duara ingia mbele" ataingia mbele tangu mzunguko wa kwanza, na atapata mstari mmoja uliokunja nne, wote mzima, pale kwenye maungio. Hautalaza sweta, lakini utaonekana kama kovu jembamba.

Kwenda upande wa pili, kutoka kuzunguka hadi kwenda na kurudi kama mimi kwapani, mstari wa kwanza wa nundu haukusumbui. Vitanzi vinatangulia kwa mguu wa mbele na nundu inaingia mbele. Unazoa uzi kama kawaida, unageuza, na kuanzia hapo laini inaingia nyuma tena. Ndiyo sababu sehemu yangu ya juu ilitoka safi bila mimi kufikiri chochote. Mazoea yalikuwa yamerudi nyumbani kwao.

Kofia na pindo zina jambo lao. Pindo la kuvutika linachanganya laini na nundu katika mzunguko mmoja, kwa mfano laini mbili nundu mbili. Ukizoa nundu hapo, mzunguko unaofuata utaikuta nundu ileile mguu wa nyuma ukitangulia, na itabidi uifume nundu kwa kuingia nyuma, sindano ikijipinda kutokea mgongoni. Inawezekana, ila inachosha kiganja na inachelewesha. Maoni yangu, baada ya kujaribu zote mbili kwa pindo nzima, ni kwamba katika kuzunguka nundu ipitishiwe uzi juu, njia ya kawaida, basi kila kitu kiingie mbele. Kuzoa nakuhifadhi kwa kwenda na kurudi.

Sweta la mtoto nililiokoaje? Kufumua lote kulikuwa na maana ya kupoteza sehemu ya juu iliyokuwa nzuri. Na huwezi kufumua kuanzia pindoni ulikoanzia, uzi haukubali, unashikana kila kitanzi. Lakini tabia hiyohiyo ndiyo iliyonisaidia. Kitambaa kikikatwa katikati, kipande cha chini kinafumuka vizuri kuanzia kwenye mkato kushuka, na vitanzi vya kipande cha juu, vilivyoachwa wazi kwa chini, havikimbii kupanda.

Nikahesabu mizunguko miwili chini ya kwapa. Nikakata kitanzi kimoja tu kwa mkasi mdogo, nikaanza kuuvuta uzi wa mzunguko huo kitanzi kwa kitanzi. Kila kitanzi cha juu kilichoachwa wazi nilikidaka palepale kwa sindano nyembamba kuliko ile ya kufumia. Ilinichukua jioni moja kuzunguka vyote, nikahesabu nikapata 120. Kisha nikafuma kutoka hapo kwenda chini, kwa sindano ya milimita 4. Vitanzi vilivyodakwa hivi havikai sawa vyote, vingine vinatangulia mbele na vingine nyuma, kutegemea ulivyovidaka. Basi katika mzunguko wa kwanza nilitazama kila kimoja na kuingia mguu unaotangulia, popote ulipo. Kuanzia wa pili nikaingia mbele.

Vitanzi vinavyofumwa kwenda chini vinasogea nusu kitanzi ukilinganisha na vya juu. Kwenye kitambaa laini kisicho na mchoro hakuna atakayeona. Kama sweta lingekuwa na mistari ya wima inayopita kwenye mkato, ningeuona mruko, na nisingelikata, ningefumua lote.

Uzi uliotoka kipande cha chini ulikuwa na mawimbi kama nywele zilizofumuliwa. Nikauzungushia mgongo wa kiti, nikaufunga mahali panne usichanganyike, nikauchovya kwenye maji ya vuguvugu na kuutundika na chupa ya maji ikining'inia chini yake. Siku ya pili ulikuwa umenyooka vya kutosha. Usifume na uzi ambao bado una mawimbi, vitanzi vitatoka na ukubwa tofauti na utadhani mkono umekosea.

Kama umeona kosa mapema na ni vitanzi vichache tu vilivyokunja nne, huhitaji mkasi. Hiyo hutokea pale sindano ilipochomoka na vitanzi kurudishwa haraka, vingine vikiwa vimegeuka. Fuma hadi juu ya safu yenye kosa, kiachie kitanzi hicho kimoja kutoka kwenye sindano, na kishushe kwa ncha hadi kile kilichokunja nne kifunguke. Utaona ngazi ya nyuzi. Ingiza sindano ya kroshia kwenye kitanzi cha chini kutokea mbele, hakikisha miguu yake haijapishana, nasa uzi wa ngazi wa kwanza, uvute upite, kisha wa pili, hadi urudi juu. Safu hiyo italegea kidogo kuliko jirani zake, na itatulia ukifua. Kwa safu moja hadi tano inafaa. Kwa vitanzi 120 ni adhabu, na fumua tu.

Kuna kupinda kwa aina moja zaidi ambako watu wanakuchanganya na huku, nako ni kuunganisha duara wakati vitanzi vya mwanzo vimejizungusha kwenye kamba ya sindano. Hapo kitambaa hakilali, kinajisokota mzima mzima kama mkanda uliovaliwa vibaya, na ukikizungusha kinakataa kukaa kama mfuko. Kabla ya kuunganisha, laza vitanzi vyote na ukingo wake wa chini uangalie ndani ya duara pande zote. Ukigundua mwisho wa mzunguko wa kwanza bado unaweza kuuzungusha msokoto ule upite kwenye ile nafasi ndogo kati ya kitanzi cha mwisho na cha kwanza, na alama yake itafichwa na uzi wa mwanzo ukishona. Ukigundua baadaye, unafumua.

Na sampuli ya kupima vitanzi nayo ifumwe kwa kuzunguka, hili ningelifanya ningeokoa wiki mbili. Si lazima mfuko mzima. Anzisha vitanzi 30 kwenye sindano ya mduara, fuma mstari laini, usigeuze. Sukuma vitanzi hadi ncha ya pili, acha uzi upite mgongoni ukiwa umelegea, anza tena mwanzo wa mstari. Nyuma patakuwa na nyuzi zinazoning'inia kama pindo la mtandio, usizijali. Mbele una kitambaa ambacho kila mstari wake ni laini, sawa na kitakavyokuwa kwenye duara. Sentimita 10 za kimo zinatosha kuonyesha kama safu zinasimama au zinalala, na hapo utahesabu vitanzi vya kweli badala ya vile vya kwenda na kurudi.

Sehemu mpya ya chini nilimaliza kwa siku sita, safari hii mchana, mlangoni, mwanga ukiwa mwingi. Alama nyeupe ya ubavuni imeshuka wima kutoka kwapani hadi pindoni. Mzingo ni sentimita 60. Pindo nililifunga kwa kulegeza, kwa sababu sasa ndiko mwisho uliko na mtoto lazima apitishe mabega yake.

Shangazi aliniomba nimwachie sindano ya mduara. Juzi alipiga simu kusema anafuma kofia, na kwamba kila akifika katikati ya mzunguko mkono wake unaingia nyuma wenyewe. Amefunga uzi mwekundu kwenye kidole cha shahada cha kulia. Akiuona uzi unapotelea mgongoni mwa sindano, anasimama.